Mkiachana, Jumanne Bado Kuna Mazoezi

Kwaya ya kawaida ya usharika jijini Dar es Salaam hukutana Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku. Jumamosi mazoezi huwa marefu zaidi, hasa Pasaka ikikaribia au kukiwa na video ya kurekodi. Jumapili wanaimba ibada ya kwanza, pengine na ya pili, kisha wanabaki kwa kikao kifupi ambacho hakijawahi kuwa kifupi. Ongeza msiba wa katikati ya wiki, harusi ya mwenzao, na safari ya kwenda kuimba mkoani kwa basi la kukodi. Ukijumlisha saa hizo utakuta mwanakwaya anamwona mwenzake kuliko anavyomwona ndugu yake wa tumbo moja. Kwa hiyo watu kupendana humo si habari. Habari ni kwamba karibu hakuna anayejiandaa kwa siku mapenzi hayo yatakapokwisha, na siku hiyo ikifika mwalimu wa kwaya hafuti mazoezi ya Jumanne.

Ziko jumuiya nyingine zinazokutanisha watu. Kuna vikundi vya jogging vinavyojaza barabara Jumamosi alfajiri, ambako mkikosana mmoja anaongeza mwendo, mwingine anapunguza, na shughuli imeisha. Kuna vikoba, ambako mambo ni mazito zaidi, kwa sababu huenda mlidhaminiana mkopo na deni halijali kama bado mnapigiana simu. Kwaya imekaa pagumu kwa namna yake. Humo hakuna kubadili mwendo. Sauti ni nne, soprano, alto, tena na besi, na kila mwimbaji amehesabiwa. Besi wa kweli mara nyingi ni wachache. Mmoja akiacha kuja, waliobaki wanayumba, wimbo unashuka ufunguo polepole bila mtu kujua, na mpiga kinanda akigusa nota ya mwisho mnajikuta mko chini yake. Kuachana kwenu kunaweza kusikika mpaka viti vya nyuma kabisa.

Mimi niliyeimba tena kwa miaka mingi nina imani moja juu ya jambo hili. Kinacholeta aibu baada ya kuachana mara nyingi ni vile vikazi vidogo vilivyofungwa kwenye mapenzi: nani anamsindikiza nani baada ya mazoezi, nani anashika fedha za sare, nani anaimba na nani ule ubeti wa wawili. Moyo una njia zake za kupona na sina dawa yake. Vikazi vinaweza kupangwa, na vikipangwa mapema aibu inakosa pa kukaa.

Njia ya kurudi nyumbani

Watu hudhani mapenzi ya kwaya huanzia kwenye wimbo. Kwa niliyoyaona, huanzia kwenye njia ya kurudi nyumbani. Mazoezi yameisha saa moja na nusu, giza limeingia, na dada mmoja anaishi upande uleule anakoishi kaka mmoja. Wanatembea pamoja hadi kituoni. Wiki ya tatu wanasubiriana bila kuambizana. Wiki ya sita wenzao wameshaona, maana kwaya ina macho mengi kuliko sauti.

Njia hii ina faida ambayo watu wa kukutana kwenye simu hawana. Kabla hujamwambia mtu neno umeshamwona akikosolewa na mwalimu mbele ya watu arobaini: alinuna, alijitetea, au alirudia mstari wake akatabasamu? Umeona anavyochanga mwenzenu akifiwa, kama hutoa mapema au husubiri atajwe. Unajua kama hufika kwa wakati, na kama akipangwa kubeba spika huzibeba au hupata simu ya ghafla. Mambo haya hayafichiki kwa miezi sita ya mazoezi.

Hasara yake ni kwamba ukikataliwa utamwona tena keshokutwa. Kwa hiyo namna ya kusema ina uzito kuliko ingekuwa kwa mtu mliyekutana harusini. Sema ana kwa ana, mahali pasipo kwaya, kwa maneno ambayo hata akiyasimulia hayatakutia aibu. Usitume mjumbe. Mshenga ana kazi yake baadaye, familia zikihusika. Mjumbe wa sasa hivi, yaani yule rafiki wa soprano anayejua mambo ya kila mtu, atageuza ombi lako kuwa ajenda. Angalia pia kalenda. Wiki mbili kabla ya Pasaka au kabla ya kurekodi si wakati wa kumweka mtu njia panda, kwa sababu jibu lolote atakalotoa litabidi alibebe kwenye mazoezi ya kila siku.

Kisha msikilize vizuri, maana katika kwaya watu hawakatai waziwazi. Wanajua mtaendelea kusimama safu moja, kwa hiyo hukataa kwa upole. "Ngoja kwanza nikaliombee" ni jibu la heshima, na mara nyingine ni la kweli. Mara nyingine ni mlango uliofungwa taratibu ili usikubane vidole. Tofauti huonekana kwa muda: aliyekwenda kuomba kweli hurudi mwenyewe na neno, hata kama ni neno gumu. Zikipita wiki mbili tatu hajarudi, na kila mkikutana anahakikisha kuna mtu wa tatu pembeni, umeshajibiwa. Usiulize mara ya pili. Kazi yako sasa ni moja tu: mazoezi yanayofuata msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia mwezi uliopita, "Bwana Yesu asifiwe, dada," ukae mahali pako, ufungue karatasi yako ya solfa. Salamu hiyo ya kwanza ndiyo ngumu. Ikipita, iliyobaki ni mazoea.

Kuna watu wawili ambao sheria hii ya upole haiwatoshi. Wa kwanza ni mwalimu wa kwaya mwenyewe. Yeye ndiye anayegawa solo, anayepanga nani anasafiri, anayesema nani yuko tayari kuimba Jumapili. Akimtaka mwimbaji wake, yule mwimbaji hana nafasi ya kusema hapana kwa raha, na hata akikubali, wenzake watasema solo aliipata wapi. Mwalimu mwenye nia ya kweli amweleze mlezi wa kwaya mapema na kuachia mtu mwingine uamuzi wowote unaomhusu dada huyo. Wa pili ni mtoto. Kwaya za vijana huchanganya watu wa miaka ishirini na tano na wanafunzi wa sekondari. Aliye chini ya miaka 18 si mchumba mtarajiwa wa mtu mzima, na kwa sheria za Tanzania jambo hilo linaweza kumfikisha mtu mzima mahakamani kwa kosa la jinai.

Kabla hamjaitwa shemeji

Siku kwaya inapoanza kumwita mwenzako shemeji, ujue uhusiano wenu umepata wanahisa. Sopranos nzima inajiona ni mawifi. Mama mlezi anaanza kuulizia barua ya posa. Watu wanawapangia siti pamoja kwenye basi. Ni raha, sikatai, lakini kila mzaha wa namna hii ni uzi mmoja unaoongezwa, na siku ya kukata mtakata vyote.

Ushauri wangu ni kwamba miezi ya mwanzo msijifiche wala msijitangaze. Kujificha kwaya ni kazi bure, tena huwafanya muonekane kama mna la kuficha. Kujitangaza kunawafunga kabla hamjajua mnachofanya. Mkiulizwa, "tunafahamiana" inatosha. Jambo likikomaa, watu wawili wajue kwanza, mwalimu na mlezi, na wajue kutoka vinywani mwenu.

Wakati huohuo fanya jambo ambalo wapendanao hawalipendi: tenganisheni kazi. Kama yeye ni katibu na wewe ni mweka hazina, na saini zenu mbili ndizo zinazotoa fedha benki, mmoja aachie saini sasa, mkiwa bado mnacheka. Mkingoja mpaka mgombane, kuiachia kutaonekana kama kususa, na kutoiachia kutaonekana kama kung'ang'ania. Vivyo hivyo ufunguo wa stoo ya vyombo. Vivyo hivyo yale mabunda ya sare yaliyowekwa chumbani kwa mmoja wenu kwa sababu "si nyumba moja tu." Kwaya moja ninayoifahamu ilikaa bila kinanda majuma kadhaa kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa kaka fulani, kaka alikuwa hapokei simu, na aliyejua anapoishi hakutaka kwenda.

Kuna la kanisani pia. Kwaya nyingi zina katiba, na katiba hizo zina vifungu kuhusu mwenendo: wanaoishi pamoja bila ndoa husimamishwa kuimba, na msichana akipata ujauzito nje ya ndoa hutakiwa kukaa pembeni mpaka arudishwe kundini. Kila kanisa na taratibu zake, na sina haja ya kubishana na mchungaji. Nitasema tu nilichokiona: mzigo huu humwangukia mwenye tumbo linaloonekana, na mwenye besi nzuri anaendelea kuimba Jumapili kana kwamba yeye hakuwepo. Dada anayeingia kwenye uhusiano ndani ya kwaya aisome katiba hiyo mapema. Kaka aisome mara mbili.

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu

Tuchukue mfano. Yeye ni alto na ni katibu wa kwaya. Kaka ni besi, na ndiye anayefunga spika na kuendesha vyombo. Wamekuwa pamoja miezi minane, kwaya nzima inajua, na sasa wameachana Jumapili jioni, wiki tano kabla ya uzinduzi wa albamu. Hakuna aliyempiga mwenzake wala kumwibia. Wameona tu kwamba haiendi, na mmoja ameona zaidi ya mwingine, kama inavyokuwa siku zote.

Kabla ya Jumanne wanahitaji mazungumzo ya dakika ishirini. Sababu za kuachana zimeshazungumzwa au hazitazungumzwa. Kikao hiki ni cha kupanga wataambia watu nini. Wanakubaliana sentensi moja: "Hatuko pamoja tena, hatuna ugomvi, na wote tunaendelea kuimba." Sentensi hiyo wataitumia kwa kila atakayeuliza, bila kuongeza. Atakayeuliza kwa nini, ajibiwe sentensi ileile. Baada ya mara ya tatu hata soprano huchoka.

Jumatatu dada anampigia mwalimu, kaka anampigia mwenyekiti. Hapo wanaomba mambo mahususi. Ule ubeti wa tatu wa alto na besi wanaouimba wawili, upewe watu wengine mpaka uzinduzi upite. Kwenye safu, kaka ahamishiwe upande wa kulia, nyuma ya tena, asije kuwa nyuma yake moja kwa moja. Mtu anayepumua mgongoni mwako kwa saa mbili humsahau kwa shida. Na ripoti za vyombo ambazo kaka alikuwa akimpa katibu, sasa azipeleke kwa katibu msaidizi. Mwalimu mwenye uzoefu atajua la kuongeza: kwa wiki mbili atatumia muda mwingi kwenye mazoezi ya sauti kwa sauti, alto wakiwa chumba hiki na besi nje chini ya mwembe, na kuwaunganisha nusu saa ya mwisho tu. Hakuna atakayejua kwamba ni kwa ajili ya watu wawili, kwa sababu kwaya yoyote inayokaribia uzinduzi huhitaji zoezi hilo.

Jumanne wote wawili wanakwenda. Najua wengi watasema apumzike kwanza. Kupumzika ni halali, lakini kuwe na mwanzo na mwisho: omba ruhusa ya wiki moja, mbili zikizidi, utaje siku ya kurudi. Katika mfano wetu dada ndiye katibu, kwa hiyo kaka akitaka ruhusa amwandikie mwenyekiti. Kumwomba ruhusa mtu unayemkimbia ni kuchekesha watu. Likizo isiyo na tarehe huwa ndefu yenyewe. Kila Jumanne unayokosa, stori zinatungwa, na kurudi kunazidi kuwa kugumu.

Saa moja na nusu usiku ndipo penye hatari, ile njia ya kurudi nyumbani. Kwa miezi minane walitembea wawili. Leo mmoja wao akiondoka peke yake gizani, wenzake watatazamana; wakiondoka pamoja kwa mazoea, wataanza upya yale waliyoyamaliza. Kwa hiyo dada apange tangu mchana kuondoka na wenzake wawili wa alto, na kaka abaki kukunja nyaya. Baada ya wiki tatu nne hakuna atakayekumbuka nani alikuwa akitembea na nani.

Halafu kuna simu. Grupu la kwaya kwenye WhatsApp linabaki kuwa la kwaya: ratiba, nota, michango, taarifa za msiba. Asitoke mtu. Kutoka kwenye grupu saa nne usiku ni tangazo kubwa kuliko lolote ambalo ungeandika. Shida zaidi iko kwenye status. Sisi ni watu wa mafumbo. Bibi zetu walisemana kwa maneno ya kanga, na taarabu imejengwa juu ya ufundi wa kumchoma mtu bila kumtaja. Kipaji hicho hakijafa, kimehamia kwenye status. "Wengine walidhani bila wao sitasimama," pembeni pambo la mkono uliofumba ngumi, na watu arobaini wa kwaya wameangalia kabla hujalala. Nyamaza kwa mwezi mmoja. Weka picha ya maua kama ni lazima uweke kitu.

Na kuna fumbo baya zaidi, la kwenye sala. Mmoja anapewa nafasi ya kufunga mazoezi kwa maombi, naye anamwomba Bwana azivunje roho za udanganyifu ndani ya kwaya hii. Kila aliyefumba macho anafumbua moja. Mwenyekiti akiona upepo huo, ampe mtu mwingine zamu ya sala kwa kipindi hicho, na asieleze sababu.

Uzinduzi ukipita, mwalimu aurudishe ule ubeti wa wawili kama sauti zao ndizo zinazoufaa, lakini awaulize kila mmoja peke yake. Mmoja akisema bado, basi bado.

Kwaya inapogawanyika

Mara nyingi wawili wenyewe hutulia kabla ya marafiki zao. Alto wanamuunga mkono dada, besi wanamtetea kaka, soprano wanabeba maneno kwenda na kurudi. Mwalimu ataliona jambo hili bila kuambiwa. Watu wanaanza kuchelewa kwa makundi. Kwenye mapumziko wanakaa mafungu mafungu. Mchango wa msiba unaotoka kwa upande mmoja unakuwa mdogo ghafla. Utani unapotea, na kwaya isiyo na utani huimba kwa usahihi na kwa ubaridi.

Hapo viongozi hufanya moja ya makosa mawili. Wengine huitisha kikao cha kuwapatanisha wawili ambao hawakuomba kupatanishwa, na kuwauliza mbele ya wazee nani alianza. Wengine hujifanya hawaoni. Afadhali mlezi akae na kila mmoja pembeni, aulize jambo moja, "Kuna chochote kinachokuzuia kuimba?" kisha akiondoe hicho alichotajiwa. Wapambe nao waambiwe na wahusika wenyewe. Neno la dada kwa marafiki zake, "mimi simsemi, nanyi msimseme," hufanya kazi kuliko hotuba ya mwenyekiti.

Mmoja akiona hawezi kubaki, kuhama si kushindwa. Sharika nyingi za KKKT zina Kwaya Kuu, Kwaya ya Uinjilisti na Kwaya ya Vijana, na mahali pengine kuna tarumbeta. Kwa Wakatoliki parokia moja huweza kuwa na kwaya kadhaa, kila moja na Misa yake. Mtu huaga, hurudisha mali ya kwaya kwa maandishi mbele ya shahidi, huacha hesabu safi, na kuanza mazoezi upande wa pili. Ila ahame anayetaka. Nimeona mara nyingi dada akishauriwa "kwa amani yake" ampishe kaka kwa sababu besi ni wachache, na ushauri huo nauita kwa jina lake: uonevu uliovaa joho.

Mambo yakiwa yamefika mbali, yaani posa imepokelewa, kishika uchumba kimetolewa na tangazo la kwanza la ndoa limeshasomwa kanisani, kuvunja kunahitaji njia ndefu zaidi. Mchungaji aambiwe kabla ya Jumapili inayofuata ili tangazo lisitishwe. Familia zizungumze kupitia mshenga yuleyule aliyepeleka barua. Michango ya harusi ambayo wanakwaya wameshaitoa irudishwe na mweka hazina wa kamati kwa kufuata orodha, jina kwa jina, hata kama ni elfu kumi, maana shilingi elfu kumi isiyorudishwa husemwa kwa miaka. Sheria nayo ipo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 69, inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia ya hasara halisi aliyoingia kwa sababu ya ahadi hiyo, kwa mfano ukumbi uliolipiwa, machozi hayamo. Kifungu cha 71 kinagusa zawadi, ambazo hudaiwa mahakama ikiridhika kwamba zilitolewa kwa sharti la ndoa kufungwa. Wengi hawafiki huko, na kwa watu wanaoimba pamoja ni afadhali wasifike.

Yote niliyoyasema ni kwa watu wawili walioachana na kubaki na aibu. Anayekufuata hadi mlangoni baada ya mazoezi, anayekutishia kusambaza picha zako, au anayekupigia usiku kucha kwa namba mpya kila mara, hana aibu ya kutatuliwa kwa kuhamishwa safu. Mwambie mlezi usiku huohuo, hifadhi jumbe zote, na uende kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kiongozi atakayekuomba "usiliharibie kanisa jina" hajakusaidia.

Limebaki moja ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini: itakuwaje akioa, au akiolewa, na kwaya ndiyo itakayoimba? Maana mwanakwaya akifunga ndoa kwaya huchanga, huvaa sare, na huimba akiingia na akitoka. Toa mchango wako mapema, kiasi kilekile unachowatolea wengine. Ukizidisha watu watakusoma, ukipunguza watakusoma pia. Kama hutaweza kusimama pale Jumamosi hiyo, mwombe mwenyekiti ruhusa wiki moja kabla, na hakuna mwenye akili atakayekuuliza sababu. Kama utaweza, nenda, vaa sare, simama na sauti yako. Solo tu ndiyo usikubali. Orodha ikitoka na jina lako limo, mpigie mwalimu usiku huohuo ili apate siku za kumwandaa mwingine.